Bi Hawa yuko ukurasa wa 32

Mpwa wangu anasoma sheria, yuko mwaka wa pili. Usiku mmoja alinipigia simu, akaniamkia, na nilipoitikia marahaba akanyamaza kidogo. "Mjomba, nimerudishiwa insha." Nilidhani hoja zake zimekataliwa. Sivyo. Mwalimu alizisifu hoja, ila alizungushia duara jekundu tanbihi tisa kati ya kumi na nne, na pembeni mwa ile ya kwanza akaandika maneno mawili tu: "Nitaipata wapi?"

Tanbihi yenyewe ilisomeka hivi:

```
Bi. Hawa vs Sefu, 1983, Tanzania Law Reports.
```

Nimehariri maandishi ya kisheria kwa miaka mingi, na swali la mwalimu yule ndilo ninalojiuliza kila nikutanapo na tanbihi. Mwandishi amesema mahakama iliamua jambo fulani. Mimi msomaji nataka kuifungua hukumu hiyo nijionee mwenyewe. Je, alichoniandikia kinanifikisha? Nukuu ya kesi ni kama maelekezo ya kufika nyumbani kwa mtu: ukisahau kutaja mtaa au namba ya nyumba, mgeni atazunguka hadi jioni. Kwa hiyo Jumamosi mpwa wangu alikuja na kompyuta yake, tukakaa mezani, tukaanza na kesi hiyo moja.

Insha yake ilihusu mgawanyo wa mali ya ndoa baada ya talaka, na katika Tanzania hakuna anayeandika juu ya jambo hilo bila kumtaja Bi Hawa. Namna nzuri ya kuinukuu kesi yake ni hii:

```
Bi Hawa Mohamed v Ally Sefu [1983] TLR 32 (CA)
```

Hapo hakuna pambo hata moja. Mwanzoni yapo majina ya wadaawa kama yalivyochapwa katika ripoti, bila kuyafupisha unavyotaka wewe. Kati yao kuna herufi "v", ambayo sisi tukisoma kwa sauti tunasema "dhidi ya". Ikiwa hukumu imeandikwa kwa Kiswahili na ina maneno "dhidi ya", acha hivyo hivyo, maana jina la kesi halitafsiriwi. Kisha yanafuata mabano ya mraba yenye mwaka, kifupi cha kitabu cha ripoti, ukurasa ambao kesi inaanzia, na mwishoni mahakama iliyotoa uamuzi. TLR ni ripoti za sheria za Tanzania. Msomaji anachukua kitabu cha mwaka 1983, anafungua ukurasa wa 32, na Bi Hawa yuko pale anamsubiri.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini kuwe na CA mwishoni. Ni kwa sababu kitabu cha TLR kinabeba hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani pamoja, na uzito wake haulingani. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unaifunga Mahakama Kuu na mahakama zote zilizo chini yake. Hoja inayosimama juu ya Mahakama ya Rufani ina msingi mwingine kabisa, na msomaji ana haki ya kuliona hilo bila kulitafuta. Kama jina la ripoti lenyewe linakuambia ni mahakama gani, huna haja ya kuirudia.

Tukaja kwenye mabano, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Mabano ya mraba na mabano ya duara hayabadilishani kwa kufuata macho ya mwandishi. Mraba maana yake ni kwamba mwaka ndio jina la kitabu, na bila huo mwaka kitabu hakipatikani. Vitabu vya TLR havina mfululizo wa namba kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Vinatambulika kwa mwaka. Ukiufuta mwaka ukabaki na "TLR 32", umemtuma mtu kwenye rafu nzima.

Mabano ya duara yana maana nyingine. Yanatumika pale ambapo vitabu vina namba zake za juzuu zinazojitosheleza, na mwaka umewekwa tu ili msomaji ajue hukumu ni ya lini. Kesi maarufu ya Uingereza kuhusu udanganyifu inaandikwa hivi:

```
Derry v Peek (1889) 14 App Cas 337
```

Ukiondoa 1889 bado utafika, kwa sababu juzuu ya 14 ya ripoti hizo ni moja tu. Wanafunzi wanaoelewa jambo hili hawahitaji kukariri orodha ndefu. Wanajiuliza tu: je, nikifuta mwaka, kitabu bado kitapatikana? Kikipatikana ni duara, kisipopatikana ni mraba.

Kutoka hapo likazuka jambo lililomshangaza mpwa wangu zaidi ya yote. Katika insha yake alikuwa amemleta *White v White*, kesi ya Uingereza ambayo Mahakama ya Mabwana ilisema hakuna nafasi ya kumbagua mume au mke kwa kuwa mmoja alitafuta pesa na mwingine alitunza nyumba. Alikuwa ameandika [2000] 1 AC 596. Nilimwambia afungue kitabu hicho. Hakipo, au tuseme kipo lakini kesi hiyo haimo. Hukumu ilitolewa mwaka 2000, lakini ilichapwa katika kitabu cha 2001:

```
White v White [2001] 1 AC 596 (HL)
```

Mwaka uliomo ndani ya mabano ya mraba ni mwaka wa kitabu, si mwaka wa hukumu. Mara nyingi miaka hiyo inalingana, na ndiyo maana kosa linajificha. Ile 1 inayofuata inaeleza kwamba mwaka huo vilitoka vitabu zaidi ya kimoja vya ripoti hizo, na kesi yetu imo katika cha kwanza.

Wale wanaosoma kesi za zamani za Tanzania watakutana na mtego mwingine mdogo. Kabla ya TLR za miaka ya 1980 kulikuwa na muhtasari wa kesi za Mahakama Kuu unaoitwa HCD, na kesi ambayo mawakili wetu huitaja kila waombapo zuio la muda imo humo: *Atilio v Mbowe* (1969) HCD n 284. Namba 284 si ukurasa. Ni namba ya kesi ndani ya muhtasari, na herufi "n" ndiyo inayosema hivyo. Nimewahi kuona tasnifu ambayo mwandishi aliiondoa "n" akidhani ni kosa la uchapaji. Aliondoa kitu pekee kilichokuwa kinamwongoza msomaji.

Kesi nyingi za leo, hata hivyo, hazimo katika kitabu chochote. Zimewekwa mtandaoni siku chache baada ya kusomwa, na hapo maelekezo yanabadilika sura. Mpwa wangu katika utangulizi wake alikuwa ametaja kesi iliyohusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vile vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu yake tarehe 23 Oktoba 2019. Alikuwa ameandika "Kesi ya Gyumi, 2019" na kuweka anwani ya gazeti. Gazeti linaripoti habari. Hukumu ndiyo inayobeba sheria. Tuliandika hivi:

```
Attorney General v Rebeca Z Gyumi, Civil Appeal No 204 of 2017
(CA, 23 October 2019) (unreported)
```

Angalia kwamba rufaa ni namba 204 ya mwaka 2017, ingawa hukumu ni ya 2019. Mwaka wa kwanza ni wa kufungua rufaa, wa pili ni wa kuamuliwa. Ukichukua mmoja ukaacha mwingine unaweza kumpeleka msomaji kwenye shauri jingine kabisa, kwa maana miaka mingine nayo inaweza kuwa na rufaa namba 204. Na usimtaje mshtakiwa au mleta maombi badala ya mrufani. Mahakama Kuu kesi hii ilikuwa *Rebeca Z Gyumi v Attorney General*, kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua. Serikali ilipokata rufaa, majina yaligeuka. Mtu akikuandikia Gyumi kwanza, anakupeleka Mahakama Kuu. Akimwandika Mwanasheria Mkuu kwanza, anakupeleka Rufani. Kugeuza majina ni kugeuza mahakama.

Kenya nao wana namna yao katika hili, na ni vizuri msomaji wa Tanzania ajue, kwa sababu kesi za Kenya tunazinukuu sana. Kwa miaka mingi walitumia eKLR, kama katika *Echaria v Echaria* [2007] eKLR, ambapo Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema hali ya kuwa mke peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Nukuu hiyo ina udhaifu ulio wazi: haina namba ya ukurasa wala namba ya kesi, basi majina ndiyo tegemeo lote, na wadaawa wenye majina yanayofanana mwaka huohuo watakuchanganya. Siku hizi hukumu inapewa namba yake mahakamani:

```
JOO v MBO; Federation of Women Lawyers (FIDA Kenya) & another
(Amicus Curiae) (Petition 11 of 2020) [2023] KESC 4 (KLR)
(27 January 2023) (Judgment)
```

KESC ni Mahakama ya Juu ya Kenya, na 4 maana yake ni uamuzi wa nne waliouorodhesha mwaka 2023. Herufi JOO na MBO si uvivu wa mwandishi. Ni mahakama iliyoficha majina ya wanandoa, nawe huna ruhusa ya kuyafichua hata kama uliyasoma mahali pengine. Nukuu ni ndefu kuliko kesi tatu za zamani. Kwa insha ya kawaida inatosha *JOO v MBO* [2023] KESC 4 (KLR), na msomaji atafika.

Lakini kufika mlangoni si kufika chumbani. Baada ya maelekezo ya kesi nzima inatakiwa namba moja zaidi, ile inayoonyesha ukurasa au aya yenyewe iliyo na hoja uliyoitumia. Hukumu iliyochapwa kitabuni hutajwa kwa ukurasa. Hukumu ya mtandaoni yenye aya zilizopewa namba hutajwa kwa aya, na namba ya aya huwekwa ndani ya mabano ya mraba mwishoni kabisa. Kama hukumu ya mtandaoni haina namba za aya, kama zilivyo nyingi za Tanzania za miaka ya nyuma, taja ukurasa wa nakala iliyopigwa chapa.

Kwa Bi Hawa namba hiyo ina kazi kubwa kuliko mahali pengine. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba Mahakama ya Rufani ilimpa Bi Hawa mgawo wake kwa sababu ya kazi za nyumbani. Nikamwambia, "Nionyeshe ukurasa." Akaifungua hukumu, akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Ukweli ni huu: mahakama, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika katika kuchuma mali ya ndoa. Hiyo ndiyo kanuni, na ndiyo iliyoifanya kesi iwe maarufu. Ila Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao zaidi, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia naye akazitapanya. Kanuni imo ukurasa mmoja na matokeo yamo mwingine. Mtu aliyelazimika kutaja ukurasa angeliona hilo. Mtu aliyeandika "1983, Tanzania Law Reports" alikuwa ameisikia kesi darasani tu.

"Mjomba, nusu ya darasa letu limeandika alishinda," akasema. Naamini.

Sheria zilizotungwa na Bunge zina shida zake, na ni chache. Kifungu kinachotawala mgawanyo wa mali Tanzania ni cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Kifungu kidogo cha pili, aya ya b, ndicho kinachoiambia mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Katika tanbihi ya insha ya Kiingereza kinaandikwa hivi:

```
Law of Marriage Act [Cap 29 RE 2019] s 114(2)(b)
```

Na ukiandika kwa Kiswahili, kama sheria ya mwaka 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama inavyozidi kutuelekeza, unasema Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, Marejeo ya 2019, kifungu cha 114(2)(b). Sheria ina vifungu. Katiba ina ibara. Nimekutana na "kifungu cha 13 cha Katiba" mara nyingi mno, na kila mara jaji au mwalimu anayesoma anajua kwamba mwandishi hakuifungua Katiba.

Sura ya 29 ni anwani ya kudumu ya sheria hiyo. Marejeo ndiyo yanayobadilika. Sheria hii ilitungwa kama Sheria Namba 5 ya mwaka 1971. Ikaingia katika Marejeo ya 2002, kisha ya 2019, na Marejeo ya 2023 yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kila sheria zinapopangwa upya, marekebisho yaliyopitishwa katikati yanaingizwa ndani na namba za vifungu zinaweza kusogea. Kwa hiyo mtu anayeandika "kifungu cha 114" bila kutaja toleo anamwachia msomaji kubahatisha. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: taja toleo ulilolifungua wewe kwa macho yako, na kama jambo unalojadili lilitokea wakati wa toleo la zamani, lifungue hilo la zamani pia. Mahakama katika kesi ya Bi Hawa ilisoma sheria ya 1971. Kumwandikia "Marejeo ya 2019" Jaji Nyalali wa mwaka 1983 ni kumpa kitabu ambacho hakikuwapo.

Kuhusu nukta na mikato sitatumia maneno mengi. Mfumo wa OSCOLA uliotoka Chuo Kikuu cha Oxford, ambao toleo lake la nne ni la 2012 na ambao vyuo vingi vya Afrika Mashariki vimeufuata, unaondoa nukta karibu zote: ni v si v., ni TLR si T.L.R., ni s si sect. Jina la kesi huandikwa kwa herufi za mlazo, sheria huandikwa kwa herufi za kawaida. Mahakama zetu zenyewe bado huweka nukta katika hukumu zake. Fuata mwongozo wa kitivo chako, na ukishachagua njia usiiache katikati. Bi. Hawa kwenye tanbihi ya pili na Bi Hawa kwenye ya tisa ni makosa, hata kama kila moja peke yake ingekubalika. Na kosa hilo dogo lina gharama yake, kama nitakavyoonyesha sasa hivi.

Maana baada ya tanbihi linakuja jedwali. Hili ni orodha ya kesi na sheria zote ulizozitaja, inayowekwa baada ya yaliyomo na kabla ya utangulizi. Kwenye insha fupi wengine huliweka bila namba za kurasa. Kwenye tasnifu na kwenye hoja za maandishi za mawakili kila kesi inapewa kurasa zote ilikotajwa. Mpwa wangu alikuwa amelipanga la kwake kwa mkono saa sita usiku kabla ya siku ya kuwasilisha. Bi Hawa alitokea humo mara tatu: kama "Bi. Hawa vs Sefu", kama "Bi Hawa Mohamed v Ally Seif" na kama "Hawa Mohamed v Ally Sefu". Mtu anayelisoma angedhani ni kesi tatu.

Mpangilio wa jedwali una taratibu zinazotofautiana na za tanbihi. Herufi za mlazo zinaondolewa, kwa kuwa orodha nzima ni majina ya kesi na hakuna cha kuyatofautisha nacho. Namba ya ukurasa au aya ya hoja inaondolewa vilevile. Kinachobaki ni ukurasa ambao kesi inaanzia. Kesi zinapangwa kwa alfabeti, zikitenganishwa na sheria, na ukiwa umetumia nchi zaidi ya moja ni vizuri kila nchi iwe na kundi lake. Kesi ambayo jina lake linaanza kwa Re inapangwa kwa jina linalofuata, na Re inahamia mwisho. Bi Hawa nilimwacha kwenye B, kwa kuwa ndivyo anavyofahamika na ndivyo msomaji atakavyomtafuta. Sheria inaorodheshwa mara moja, na vifungu vyake vinapangwa chini yake kwa namba, kila kimoja na kurasa zake.

Kazi ya kukusanya kurasa usiifanye kwa mkono. Programu ya Word ina chombo chake, na wanafunzi wengi hawajawahi kukifungua. Chagua nukuu kamili pale inapotokea mara ya kwanza, bonyeza Alt+Shift+I, na kisanduku cha Mark Citation kitafunguka. Kwenye Selected text acha nukuu kamili jinsi unavyotaka ionekane kwenye jedwali, kwenye Short citation andika jina fupi unalolitumia ndani ya insha, kwenye Category chagua Cases au Statutes, kisha bonyeza Mark All. Word inapachika alama iliyofichwa kando ya kila mahali ilipolikuta jina hilo. Ukiwasha alama zilizofichwa utaiona:

```
{ TA \l "Bi Hawa Mohamed v Ally Sefu [1983] TLR 32 (CA)" \s "Bi Hawa" \c 1 }
```

Herufi l ni nukuu ndefu, s ni fupi, na c 1 ni kundi la kesi. Sheria ni c 2. Ukishamaliza zote, weka kishale mahali jedwali litakapokaa, nenda References, kisha Insert Table of Authorities.

Hapo ndipo nukta inapodai gharama yake. Mark All inatafuta maneno yaleyale uliyoyaandika. Ukimwambia atafute "Bi Hawa" na wewe ukurasa wa saba uliandika "Bi. Hawa", ukurasa wa saba hautaingia kwenye jedwali, na hakuna onyo lolote utakalopewa. Na kama uliweka alama mara mbili kwa nukuu ndefu zinazotofautiana hata kwa nafasi moja, utapata mistari miwili ya kesi ileile. Kesi ikitajwa katika kurasa tano au zaidi, Word huandika neno passim badala ya kurasa. Ondoa alama ya tiki kwenye Use passim kama mwalimu wako anataka namba zote. Kabla ya kutengeneza jedwali, ficha alama kwa kubonyeza Ctrl+Shift+8, kwa sababu zikiwa wazi zinachukua nafasi, maandishi yanasogea, na jedwali litakupa kurasa ambazo zikichapwa si hizo.

Tanbihi zinazorejelea tanbihi nyingine zina ugonjwa unaofanana na huo. OSCOLA inakuruhusu kuandika Bi Hawa (n 3), yaani rudi kwenye tanbihi ya tatu. Ukiongeza tanbihi mpya mbele yake, ya tatu inakuwa ya nne, lakini ile 3 uliyoiandika kwa mkono haisogei. Iweke kwa kutumia Cross-reference, kisha mwishoni bonyeza ndani ya tanbihi yoyote, Ctrl+A, halafu F9. Kuchagua maandishi ya juu peke yake hakuzigusi tanbihi. Lazima uingie humo kwenye tanbihi zenyewe.

Tulipolitengeneza jedwali upya, lilitoka na kesi nne badala ya tano. *Echaria* haikuwamo. Tukaitafuta ndani ya insha: ilikuwamo kwenye tanbihi ya kumi na moja, lakini mpwa wangu alikuwa ameiandika "Echeria". Tulirekebisha, tukaiwekea alama, tukabonyeza F9, ikaingia. Kisha tukafanya kazi ninayomshauri kila mwandishi asiiruke: tukalichukua jedwali mstari kwa mstari na kuitafuta kila kesi ndani ya insha, halafu tukazichukua tanbihi moja moja na kuitafuta kila moja ndani ya jedwali. Ya kwanza inafichua kesi ulizoziondoa kwenye insha zikabaki kwenye orodha. Ya pili inafichua zile ulizozisahau. Kwa insha yenye tanbihi kumi na nne ilituchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Hivi ndivyo jedwali lake lilivyokuwa mwishoni:

```
CASES
Tanzania
Attorney General v Rebeca Z Gyumi, Civil Appeal No 204 of 2017
  (CA, 23 October 2019) (unreported)                          1
Bi Hawa Mohamed v Ally Sefu [1983] TLR 32 (CA)          2, 4, 7
Kenya
Echaria v Echaria [2007] eKLR (CA)                            5
JOO v MBO [2023] KESC 4 (KLR)                              5, 6
United Kingdom
White v White [2001] 1 AC 596 (HL)                            6

LEGISLATION
Tanzania
Law of Marriage Act [Cap 29 RE 2019]
  ss 13, 17                                                   1
  s 114(2)(b)                                              2, 3
```

Kesi tano na sheria moja. Hukumu za Tanzania ziko wazi kwa yeyote kwenye TanzLII, na za Kenya kwenye Kenya Law, bila malipo. Kabla hajaiwasilisha tena, mpwa wangu alizifungua zote tano na kuzisoma, na aya ya ukurasa wa nne kuhusu kilichompata Bi Hawa aliiandika upya.